Barua ya kurasa mbili iliyobaki ukurasa mmoja: uchambuzi wa kisa cha maombi ya kazi ya stoo

Kisa hiki ni cha kweli ila nimetoa majina, mkoa, na chochote ambacho kingemfanya mtu amjue mhusika. Mi nina steshenari, nataipu na kuprinti barua za watu kila siku, na kabla ya hapo nilikaa ofisi ya utumishi ya kampuni moja nikipanga mafaili ya waombaji kabla hayajaenda kwa wakubwa, kwa hiyo barua nimeziona pande zote mbili, upande wa anayeomba na upande wa anayesoma. Nimeamua kukiandika kisa kirefu kidogo kwa sababu watu wengi wanajua barua inatakiwa iwe fupi, ila ikifika muda wa kukata hawajui waanzie wapi wala kipi kisiguswe.

Mazingira

Mwombaji alikuwa dada wa miaka 28, ana diploma ya ugavi. Alikuwa amefanya kazi kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, halafu miaka miwili kwenye stoo ya shirika linalopeleka unga wa lishe na mafuta ya kula kwenye shule za msingi. Mradi ukaisha, mkataba nao ukaisha, akawa nyumbani.

Tangazo aliloliona lilikuwa la mtunza stoo kwenye kampuni inayosambaza vyakula. Lilitaka mtu mwenye uzoefu wa stoo ya chakula usiopungua miaka miwili, anayeweza kutunza leja na kutoa ripoti kwa Excel, aliyewahi kusimamia vibarua wa kupakia na kushusha, na aliye tayari kukaa wilayani. Chini wakaandika "barua ya maombi, CV na nakala za vyeti". Hawakusema barua iwe na urefu gani, na hapo ndo shida ilipoanza.

Barua ilivyokuja

Alikuja na fleshi, anataka kuprinti tu. Nikafungua, kurasa mbili, ya pili imejaa mpaka karibu na chini, maneno kama 700 ukiacha anwani. Nikamwambia dada hii ndefu kwa kazi ya stoo, akasema anajua, kuna mtu alishamwambia, na ana toleo jingine la ukurasa mmoja kwenye fleshi hiyohiyo. Tukafungua na hilo. Maneno ni yaleyale yote, ila fonti imeshushwa mpaka 9 na pambizo zimebanwa hadi maandishi yanakaribia kugusa ukingo, karatasi imekuwa kama yale maelekezo yanayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Sasa hiyo siyo barua fupi, ni barua ndefu isiyosomeka.

Ile ya kurasa mbili ilikuwa imepangwa hivi. Inaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana wa Kitanzania, jinsia ya kike", inafuata aya ya shule zote alizosoma kuanzia msingi, inafuata mafunzo kwa vitendo, inafuata duka la vifaa vya ujenzi. Hapo ukurasa wa kwanza umeisha. Ukurasa wa pili unaanza na ile kazi ya shirika, halafu aya ya sifa (mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa), aya ya kompyuta, aya nzima ya kuisifia kampuni kwa maneno yaliyotolewa kwenye tovuti yao wenyewe, aya ya kwamba yeye ndo analea wadogo zake, na shukrani.

Angalia kitu kimoja hapo. Kazi pekee inayofanana na tangazo ipo ukurasa wa pili.

Kwanza tukaamua urefu, kabla ya kukata chochote

Hoja yake ya kutaka kurasa mbili haikuwa ya kijinga. Alisema, "Kaka, nikiandika kidogo wataona najisikia, au wataona sina cha kusema." Kwenye barua zetu za kiofisi kuna heshima yake, mtu anajitambulisha, anaeleza, anashukuru, na kuingia moja kwa moja kwenye hoja kunaweza kuonekana ukavu. Hilo nililikubali. Ila nikamuuliza hii barua inaenda na nini? Inaenda na CV. Shule zipo kwenye CV, tarehe zipo kwenye CV, kompyuta ipo kwenye CV, na vyeti vimebanwa nyuma. Barua ikirudia hayo yote inakuwa CV ya pili iliyoandikwa kwa aya.

Na msomaji wa kwanza anasomaje? Nilipokuwa ofisini tulikuwa tunapokea bahasha nyingi kwa nafasi moja. Unatoa karatasi, unaangalia Yah, unasoma aya ya kwanza na kipande cha pili, kama kuna kitu unageuza kwenda kwenye CV kuhakikisha. Ule ukurasa wa pili wa barua uko katikati, umebanwa na pini, na mara nyingi unarukwa bila hata mtu kudhamiria.

Kwa hiyo tukakubaliana ukurasa mmoja, fonti Times New Roman 12, pambizo za kawaida. Hapo ikabidi tujue ukurasa mmoja unabeba nini hasa, maana wengi wanakata wakidhani wana nafasi kubwa kuliko iliyopo. A4 kwa fonti hiyo na mistari isiyoachana inabeba mistari kama 50. Barua rasmi ya kwetu inakula nyingi kabla hujasema kitu: anwani yako juu kulia, tarehe, anwani ya unayemwandikia, salamu, Yah, na chini "Wako mtiifu", nafasi ya sahihi, jina. Ukijumlisha na nafasi za katikati inafika mistari 20 hivi. Toa na nafasi kati ya aya na aya, unabaki na mistari kama 26, na kwa Kiswahili mstari mmoja unachukua maneno kama 12 kwa sababu maneno yetu ni marefu. Hayo ni maneno 300 na kidogo.

Kutoka 700 kwenda 300. Hapo ndo utaona kwa nini kupunguza neno hapa na neno pale hakutoshi. Ukitoa "pia" na "mbalimbali" na "ikiwa ni pamoja na" kote utaokoa labda maneno 80, halafu utakwama, na aliyekwama ndo anashusha fonti. Zaidi ya nusu ya barua lazima iondoke kwa aya nzimanzima.

Kalamu pembeni ya kila aya

Nikaprinti ile rasimu, nikampa kalamu nyekundu. Yale mambo manne ya kwenye tangazo tukayapa namba 1 mpaka 4, halafu akapita kila aya akiandika pembeni namba ya jambo ambalo aya hiyo inalijibu. Aya isiyojibu kitu aiache wazi. Nilimwambia asikate chochote bado, maana mtu akianza kukata anaanza kuhurumia, ila akiandika namba tu anakuwa mkweli.

Matokeo yalimshangaza yeye mwenyewe. Aya ya shule haina namba. Mafunzo kwa vitendo hayana namba, maana yalikuwa ofisi ya manunuzi na siyo stoo. Sifa hazina namba. Kuisifia kampuni hakuna namba. Wadogo zake hakuna namba. Duka la vifaa vya ujenzi akasita, akaweka 2 kwa sababu alikuwa anaandika leja. Kompyuta 2. Kazi ya shirika 1 na kidogo 2. Namba 4, kukaa wilayani, ilikuwa nusu sentensi kwenye shukrani.

Namba 3 haikuwepo popote.

Kurasa mbili, maneno 700, na hakuna sehemu inayosema kama amewahi kusimamia vibarua, wakati tangazo limeuliza. Nikamuuliza, kwani hujawahi? Akacheka, akasema gari la mzigo likija alikuwa anasimamia vijana sita mpaka nane, anawahesabia mifuko, anawaandika kwenye karatasi ya malipo na kupeleka kwa mhasibu. Nikasema, sasa mbona hilo halimo kwenye barua? "Niliona ni kitu kidogo." Aya nzima ya wadogo zake ipo, hii haipo. Barua ndefu ina hatari hiyo, ukiitazama unaona umeshasema mengi na hurudi tena kuangalia kama umejibu ulichoulizwa.

Aya zisizo na namba zote tano zikaondoka. Ya wadogo zake ndo iliyomuuma, na nilimwelewa, ila mwajiri wa stoo anasoma kujua mzigo wake utakuwa salama, na shida za mwombaji hazimsaidii kujibu hilo. Tukaiondoa.

Aya iliyokuwa imefichwa

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo naiweka jinsi ilivyokuwa:

"Pia nimewahi kupata fursa ya kufanya kazi katika shirika moja ambapo nilikuwa nikijishughulisha na masuala mbalimbali yahusuyo stoo ikiwa ni pamoja na kupokea mizigo, kutoa mizigo, kuhesabu mizigo na kazi nyinginezo nilizopangiwa na uongozi, na katika kipindi hicho kulikuwa na changamoto ya bidhaa kuisha muda wake ambapo kwa kushirikiana na wenzangu tulifanikiwa kuitatua kwa kiasi kikubwa."

Nikamuuliza changamoto gani, na mliitatuaje? Akaanza kuongea, na alivyokuwa anaongea ilikuwa tofauti kabisa na alivyoandika. Mifuko mipya ilikuwa inapangwa mbele ya ya zamani, vijana wanachukua ya mbele kwa sababu ndo ya karibu, ya nyuma inakaa mpaka inapita muda. Hesabu ya kwanza aliyofanya walitupa mifuko 40. Akapanga upya kila rundo kwa tarehe ya kuisha muda, inayokaribia kuisha ikae mlangoni, akabandika karatasi yenye tarehe kwa maandishi makubwa. Hesabu mbili zilizofuata hakukuwa na mfuko wa kutupa. Nikamwambia andika hivyohivyo ulivyosema. Baada ya marekebisho yote ikasomeka hivi:

"Kwa miaka miwili nimetunza stoo ya unga wa lishe na mafuta ya kula ya shirika linalohudumia shule za msingi. Nilipoanza, mifuko mipya ilipangwa mbele ya ya zamani na kwenye hesabu ya kwanza tulitupa mifuko 40 iliyopita muda. Nilipanga upya kila rundo ili inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, na katika hesabu mbili zilizofuata hatukutupa mfuko hata mmoja."

Ukihesabu, aya mpya haijawa fupi sana kuliko ya zamani, ziko karibu sawa. Watu wanakosea hapo, wanadhani kufupisha barua ni kufupisha kila aya kwa kipimo kilekile, matokeo yake wanapata aya kumi za mistari miwiliwili ambazo hazisemi kitu. Sisi aya tano zimekufa, na hii moja imepata nafasi yake yote na imepandishwa kutoka ukurasa wa pili mpaka kuwa aya ya pili ya barua.

Baada yake tukaandika aya ya leja na Excel, tukaingiza duka la vifaa vya ujenzi humo ndani kwa sentensi moja, halafu aya mpya ya vibarua. Ufunguzi ukawa sentensi mbili: tafadhali husika na somo hapo juu, naomba nafasi hii mliyoitangaza tarehe fulani, nina uzoefu wa miaka miwili wa stoo ya chakula na niko tayari kuishi wilayani. Heshima imebaki, namba 4 imejibiwa mapema, na jinsia na mahali pa kuzaliwa vimeenda CV vinapokaa.

Mistari iliyomwagika

Tukaprinti. Jina na sahihi vikaangukia ukurasa wa pili. Kila anayetaipu barua anaijua hali hii, umekata kila kitu halafu mistari miwili mitatu inakataa kuingia, na karatasi ya pili inatoka na "Wako mtiifu" peke yake.

Ikifika hapo usiguse hoja, tafuta kwanza mistari ya bure. Angalia aya ambazo mstari wake wa mwisho una neno moja au mawili tu, kwa sababu hapo ukitoa maneno mawili popote ndani ya aya hiyo unapata mstari mzima. Tulikuwa na aya mbili za hivyo. Kwenye moja "hakukuwa na mfuko wowote wa kutupa" ikawa "hatukutupa mfuko hata mmoja", mstari ukapanda. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa juu kwenye anwani na chini tena kwenye aya ya mwisho, ya chini ikatoka. Ikabaki mistari miwili.

Muda ulikuwa umekwenda, anataka kuwahi kupeleka bahasha, akaona sentensi iliyokuwa inaelezea kwamba mkataba wake uliisha pamoja na mradi. Akasema hii si ipo kwenye CV, maana CV ina tarehe ya kuanza na kumaliza. Ikatoka. Barua ikakaa ukurasa mmoja vizuri, maneno 300 na kidogo, sahihi ya kalamu chini.

Aliomba pia nimtumie nakala kwenye simu, nikamtumia PDF na siyo faili la Word. Word ikifunguliwa kwenye simu isiyo na fonti hiyo inabadilishiwa fonti nyingine, maneno yanaweza kutanuka, na ukurasa wako mmoja ukasomwa ukiwa mmoja na nusu.

Ilivyokuwa baadaye

Aliitwa usaili. Siwezi kusema barua ndo iliyomwita, labda CV peke yake ingetosha, ila alivyonisimulia, swali la kwanza lilitoka moja kwa moja kwenye ile aya ya mifuko 40. Walimuuliza ulijuaje tarehe kwenye mifuko ambayo maandishi yamefutika, akawaeleza alikuwa anaandika tarehe na marker siku ya kupokea, na wakaenda nalo dakika kadhaa. Yaani alijadiliwa kwenye kitu anachokijua kuliko vyote.

Swali lililomsumbua lilikuja katikati: "Mbona uliondoka kule?" Tarehe za CV ziliwaonyesha miezi kadhaa hana kazi, na hakuna mahali panaposema kwa nini. Mtu wa stoo akiacha kazi ghafla, wazo la kwanza la mwajiri ni upotevu wa mali, hata kama hawasemi. Alijibu, ila kwa kushtukizwa, na alihisi jibu halikuwatosha. Nafasi akapewa mwingine, yeye jina lake likawekwa akiba.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Kilichofanya kazi zaidi ni zile namba pembeni ya aya, kuliko kukata kwenyewe. Zilifanya mambo mawili kwa pamoja, zikaonyesha cha kuondoa bila mabishano na zikaonyesha kisichokuwepo. Kama tungeanza kukata maneno tungepata barua ya ukurasa mmoja ambayo bado haina vibarua ndani. Na kumwacha aongee kabla ya kuandika kulisaidia sana, kwa sababu alipokuwa anaandika alikuwa anaiga barua alizowahi kuziona, akiongea anaeleza stoo yake.

Kilichokwama ni ule ukataji wa dakika za mwisho. Kigezo cha "ipo kwenye CV" kilitusaidia mwanzo mzima halafu kikatuangusha mwishoni, kwa sababu CV ilikuwa na tarehe tu, sababu haikuwa nayo. Kinachoruhusiwa kutoka ni kile ambacho CV inakisema kikakamilika. Kama CV inazua swali na barua ndo yenye jibu, sentensi hiyo inabaki hata kama haijibu namba yoyote ya tangazo. Mistari miwili ile ingepatikana kwingine, anwani ya kampuni ilikuwa na mistari mitano wakati sanduku la posta na mji vingekaa mstari mmoja, na nafasi kati ya Yah na aya ya kwanza ilikuwa pana bila sababu.

Alipoomba kazi nyingine kwenye ghala la dawa alirudi na barua ileile. Tulibadilisha ufunguzi, aya ya leja ikatangulia kwa sababu tangazo lilianza na kumbukumbu, na ile sentensi ikarudi kwa maneno manane: "Mkataba wangu uliisha Desemba pamoja na mradi wenyewe." Ikaingia bila kumwaga mstari.

Kuna barua ambazo ukurasa mmoja hauzitoshi. Tangazo likitaka mwombaji aeleze kigezo kimoja kimoja alivyokitimiza, na vigezo viko vinane au tisa, ukibana kwenye maneno 300 kila kigezo kinapata sentensi moja isiyo na ushahidi, hapo kurasa mbili ni sahihi. Vilevile wakitaja wenyewe urefu fuata walichosema hata kama unaona ni kirefu. Ila kurasa mbili nazo zinapimwa kwa kalamu ileile, na mara nyingi nikimwambia mtu aweke namba pembeni anakuta ukurasa wake wa pili wote uko wazi.